Bei ya rejareja, jumla na wakala: safu za bei, asilimia ya punguzo au orodha zenye masharti, uchague ipi?

Ukiwa na duka la jumla karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, au Mbuyuni kule Moshi, katoni moja ya sabuni ina bei nne hata kabla hujafungua mlango. Kuna bei ya mama anayetaka pakiti moja, kuna ya mangi wa dukani anayebeba katoni kumi, kuna ya wakala anayepeleka mzigo Mto wa Mbu au Himo, alafu kuna ile bei ambayo bosi alimpa mtu kwa simu na hakuna mwingine anayeijua. Watu wengi wakifika hapo wanauliza ninunue programu gani, ila mimi naona kuna swali linatangulia: bei zako unazitunza kwa namna gani, na oda ikiingizwa nani anaamua bei ipi itoke, ni keshia au ni mfumo?

Njia ninazoziona madukani ni tatu. Kuna safu za bei, yaani kila bidhaa ina Bei 1, Bei 2, Bei 3. Kuna asilimia, unaweka bei ya rejareja tu alafu jumla anapunguziwa kiasi fulani na wakala zaidi. Na kuna orodha zenye masharti, ambapo kila bei ina mstari wake unaosema ni ya nani, kuanzia kiasi gani na kuanzia lini mpaka lini. Nitazipitisha zote kwenye mfano mmoja ili tusiongee hewani. Namba ni za mfano tu msinipigie simu mnataka sabuni, na zote zina VAT ndani yake.

| Mnunuzi | Sabuni ya unga, katoni ya pakiti 24 |
|---|---|
| Rejareja | pakiti 1,500 (katoni 36,000) |
| Jumla, katoni 1 hadi 9 | 33,000 |
| Jumla, katoni 10 hadi 49 | 32,000 |
| Jumla, katoni 50 na zaidi | 31,000 |
| Wakala | 30,500 |
| Loji moja ya Karatu (ni mteja wa jumla) | 31,500 kwa kiasi chochote, mpaka 31 Desemba |

Safu za bei

Hii ndo iko kwenye programu nyingi za kaunta zinazouzwa mjini na wala siidharau, ni rahisi, mtu yeyote anaisoma, na kijana mpya unamwelekeza asubuhi mchana anauza. Duka ambalo wateja wake wengi wanalipa keshi na kuondoka, wenye bei ya pekee ni wawili watatu, hilo halina haja ya kitu kingine.

Shida inaanzia kwenye nani anachagua safu. Kwenye programu nyingi za namna hii keshia anabonyeza tu, jumla au rejareja, kwa hiyo bei inategemea keshia anamjua nani na foleni ni ndefu kiasi gani. Mtu akija akasema mimi ni wakala na amevaa vizuri, anapewa bei ya wakala. Kabla hujafikiria kuhama programu angalia kama inakubali kufunga safu kwenye akaunti ya mteja, yaani ukichagua jina lake safu inakuja yenyewe na keshia hawezi kuibadilisha bila nywila ya msimamizi. Hicho kitu kimoja kinamaliza ugomvi mwingi sana wa bei.

Kisichowezekana kwa safu ni ngazi za kiasi. Jumla yetu ina bei tatu kutegemea katoni ngapi, kwa hiyo inabidi ziwe safu tatu, ukiongeza rejareja na wakala ni tano, na ile loji ya Karatu ya sita. Mwakani anakuja mteja mwingine wa pekee unafungua ya saba, na kila safu mpya inataka ijaziwe bei za bidhaa zote mia tano za dukani wakati huyo mtu ana bei ya pekee kwenye sabuni tu. Alafu safu hazina tarehe. Ukibadilisha 33,000 ikawa 34,000 ile ya zamani imefutika, mteja akija na invoisi ya mwezi uliopita anabisha huna cha kumwonyesha zaidi ya karatasi.

Asilimia ya punguzo

Hii wenye maduka wanaipenda kwa sababu ukipandisha bei ya rejareja zote zinapanda zenyewe. Unasema jumla asilimia 8, wakala asilimia 15, umemaliza. Kwenye sabuni inakaa vizuri: 36,000 toa asilimia 8 ni 33,120, toa asilimia 15 ni 30,600, karibu kabisa na bei tunazozitaka.

Sasa iweke kwenye sukari. Tuseme mfuko wa kilo 50 umekufikia kwa 135,000 na rejareja unauza kilo 2,900, yaani mfuko mzima unakupa 145,000. Wakala akipewa asilimia 15 yake anauziwa 123,250, umempa mfuko na 11,750 ya kwako juu yake. Hata wa jumla kwa asilimia 8 analipa 133,400, bado uko chini ya ulichonunulia. Faida ya sukari ni nyembamba, ya sabuni ni nene kidogo, ya vitu kama vipodozi ni nene zaidi, kwa hiyo asilimia moja kwa duka zima haiwezi kuwa sahihi, lazima uweke asilimia kwa kila kundi la bidhaa, na ukishafika huko tayari unatengeneza orodha ya bei, ila umeificha ndani ya asilimia na hakuna anayeweza kuisoma kwa macho.

Kingine ni punguzo juu ya punguzo. Wakala ana asilimia 15 alafu mwezi huu kuna ofa ya asilimia 3. Yeye kichwani anajumlisha 18 na anategemea 29,520, mfumo unatoa 15 kwanza alafu 3 kwenye kilichobaki unapata 29,682. Tofauti ni shilingi 162 tu kwa katoni lakini kwa katoni 100 ni 16,200, na kila mmoja yuko sahihi kwa hesabu yake. Na hizo 29,682 nani ana chenji ya shilingi mbili? Ukibaki na asilimia, weka sheria ya kuzungusha, mfano kwenda 50 au 100 iliyo karibu, na izungushwe kwenye bei ya katoni moja kabla ya kuzidisha, sio kwenye jumla ya invoisi, la sivyo karatasi ya bei na invoisi hazitafanana.

Asilimia naikubali sehemu moja, kama bidhaa zako karibu zote zina faida ya unene mmoja, mfano duka la vifaa vya shule au vitenge. Kwa muuza vyakula naona ni hatari.

Orodha zenye masharti

Hapa kila bei ni mstari: bidhaa, kipimo, ya daraja gani au ya mteja gani, kuanzia kiasi gani, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, bei. Loji ya Karatu ina mstari mmoja tu wa sabuni, vitu vingine vyote inachukua bei ya jumla kama wenzake. Ngazi za jumla ni mistari mitatu. Bei ikipanda unaongeza mistari yenye tarehe mpya na ya zamani inabaki kumbukumbu.

Ila uzito wa njia hii hauko kwenye kutunza, uko kwenye kuchagua, maana oda ikiingia inaweza kukuta mistari mitatu inayofaa kwa pamoja. Hapo mifumo inagawanyika pande mbili, na hapa ndo ningetaka ukae kidogo kabla hujalipa mtu hela. Upande mmoja unasema iliyo mahususi zaidi inashinda, mwingine unasema iliyo ndogo inashinda.

Chukua ile loji iagize katoni 60. Mstari wake unasema 31,500, ngazi ya jumla ya katoni 50 na kuendelea inasema 31,000. Kwa mahususi atalipa 1,890,000, kwa ndogo atalipa 1,860,000. Yaani kwa sheria ya kwanza mteja uliyempa bei ya heshima analipa 30,000 zaidi ya mangi yeyote asiye na mkataba aliyebeba mzigo uleule. Siku akijua, na atajua, maana madereva wa fuso wanaongea, atakuona tapeli. Kwa hiyo moja kwa moja mtu anasema basi ndogo ishinde, si ndo haki?

Subiri. Bei zetu kwa kawaida zinapanda. Januari unaingiza mistari mipya, jumla sasa 35,000, 34,000 na 33,000. Kama sheria ni ndogo inashinda na mistari ya zamani haikufungwa tarehe ya mwisho, mfumo utaendelea kutoa 33,000, 32,000 na 31,000 kila siku, kwa sababu ndizo ndogo. Umepandisha bei na hakuna kilichopanda. Na hautaona kosa lolote kwenye skrini, oda zinapita vizuri kabisa, mpaka siku unafunga mahesabu unakuta faida imeyeyuka. Kwenye sheria ya mahususi, ukipanga pia kwamba yenye tarehe mpya inatangulia, hilo halikupati.

Kwa wanaotengenezewa mfumo wao na vijana wa hapa, tofauti yote hii ni mstari mmoja kwenye swali la hifadhidata. Ya mahususi inakuwa hivi:

```sql
SELECT id, bei FROM bei_bidhaa
WHERE bidhaa_id = :bidhaa
  AND kiasi_kuanzia <= :kiasi_katoni
  AND (mteja_id = :mteja
       OR (mteja_id IS NULL AND daraja = :daraja))
  AND kuanzia <= :tarehe
  AND (mwisho IS NULL OR mwisho >= :tarehe)
ORDER BY (mteja_id IS NULL), kiasi_kuanzia DESC, kuanzia DESC
LIMIT 1;
```

Ukiweka `ORDER BY bei ASC` badala ya ule mstari wa mwisho kasoro mmoja, umehamia kwenye ndogo inashinda. Na hata hii ya mahususi ina tundu lake: kiasi kinatangulia tarehe, kwa hiyo ukitoa orodha mpya isiyo na ngazi ya 50, ule mstari wa zamani wa 50 bado utashinda kwa anayebeba 60. Dawa ni ileile kwa pande zote, orodha mpya ikiingia mfumo wenyewe uifunge ya zamani siku moja kabla, usimwachie mtu akumbuke.

Mimi ningechagua mahususi inashinda, alafu bei ya mteja isikubali kuhifadhiwa bila tarehe ya mwisho, na wakati wa kuingiza oda mfumo utoe onyo kama bei ya mkataba iko juu ya bei ambayo daraja lake lingepata kwa kiasi hicho. Ionyeshe onyo tu, isibadilishe. Mtu wa mauzo ndo aamue, maana kuna mikataba ambayo bei yake iko juu kidogo kwa sababu loji inalipa baada ya siku 60 na mangi analipa keshi mkononi, hiyo 500 ya katoni ni gharama ya kusubiri hela na mteja anaijua.

Na kama hakuna mstari unaofaa kabisa? Oda igome. Isiteremke kimyakimya kwenye bei ya rejareja, na isiweke sifuri.

Kwenye programu zinazojulikana ikoje

Odoo inaenda kwa orodha moja kwa mteja mmoja, inaitwa `Pricelist`. Ndani ya orodha sheria zinapangwa kwanza kwa upana, sheria ya bidhaa inatangulia ya kundi na ya kundi inatangulia ya bidhaa zote, alafu zenye kiasi kikubwa zinatangulia, ya kwanza inayofaa inachukuliwa na utafutaji unaishia hapo. Haiangalii ipi ni ndogo. Kwa hiyo ukiwa na sheria ya kundi lote la sabuni ya bei nzuri zaidi kuliko ile ya bidhaa yenyewe, ya bidhaa ndo itatoka, watu wanashangaa sana kwa hilo.

Lakini mtego mkubwa wa Odoo kwa biashara zetu ni mwingine. Loji ya Karatu ili iwe na bei yake inabidi uitengenezee `Pricelist` yake yenye mstari wa sabuni. Vizuri. Sasa waagize sabuni katoni 60, mafuta ya kula dumu 4 za lita 20 na sukari mifuko 10. Sabuni inatoka sawa. Mafuta na sukari havimo kwenye orodha yao, na Odoo haijui kwamba hao ni watu wa jumla, inachukua bei ya mauzo iliyoandikwa kwenye bidhaa, ambayo kwako ni rejareja. Kama dumu jumla ni 94,000 na rejareja 98,000, na mfuko wa sukari jumla 140,000 dhidi ya 145,000, umemtoza mteja wako wa heshima 16,000 kwenye mafuta na 50,000 kwenye sukari, jumla 66,000 za juu, kwenye oda moja. Dawa ipo na ni nyepesi, kwenye orodha yake unaongeza sheria ya mwisho ya bidhaa zote inayosema bei itokane na orodha nyingine, unachagua ile ya jumla. Fundi akikufungia Odoo muombe akuonyeshe hiyo sheria kwenye kila orodha ya mteja, moja moja.

ERPNext iko tofauti. Orodha inatafutwa kwanza kwa mteja mwenyewe, hana, inaenda kwenye kundi lake, hakuna, inachukua ile ya `Selling Settings`. Bei yenyewe inakaa kwenye `Item Price`, na hapo unaweza kuandika jina la mteja, basi bei yenye jina lake inatangulia ile ya wote. Kwa hiyo loji inabaki kundi la jumla na inapata mstari mmoja wa sabuni bila orodha mpya, mafuta na sukari vinakuja kwa jumla kama kawaida. Kwa biashara yenye wateja wengi wa pekee wenye bidhaa chachechache hii naona imekaa vizuri kuliko Odoo. Angalizo ni moja, hiyo `Item Price` yenye jina la mteja iko ndani ya orodha fulani, ukiiandika kwenye orodha ya wakala wakati oda yake inafunguka na ya jumla, haitaonekana milele.

Ngazi za kiasi kwenye ERPNext zinakaa kwenye `Pricing Rule`, na mbili zikigongana kwa masharti yaleyale mfumo unalalamika na kukutaka uweke kipaumbele, namba 1 hadi 20, kubwa inashinda. Watu wanakerwa na ule ujumbe, mimi nauona ni rafiki, bora igome kuliko ijichagulie.

TallyPrime nayo ina ngazi za bei zinazoitwa `Price Levels`, unafunga ngazi kwenye akaunti ya mteja, orodha ina tarehe ya kuanza na ina kiasi cha kuanzia na cha chini ya. Hiyo ya chini ya isomwe vizuri, ukiandika chini ya 10 maana yake ya mwisho ni 9, ukiandika chini ya 9 kwa kufikiri ni mpaka 9, katoni ya tisa haimo kwenye ngazi hiyo. Kwa mtu ambaye mhasibu wake tayari anatumia Tally na wateja wa pekee hawazidi vidole vya mikono, hana haja ya kuhama. Wakizidi itachosha, kwa sababu kila wa pekee anataka ngazi yake na bidhaa zake zote zijazwe.

Pakiti na katoni

Hii inaharibu njia zote tatu kwa hiyo nimeiweka peke yake. Ngazi zako ziko kwa katoni, ila mteja kaagiza pakiti 240. Hizo ni katoni 10 kamili, bei yake 32,000, jumla 320,000. Mfumo usiobadilisha kipimo kabla ya kuangalia ngazi unaona 240, unaona ni zaidi ya 50, unampa bei ya 31,000, umepoteza 10,000. Mbaya zaidi yule anayeagiza pakiti 50, ambazo ni katoni mbili na pakiti mbili, naye anaingia ngazi ya 50. Wauzaji wa mtaani wakishagundua kwamba ukiagiza kwa pakiti inatoka rahisi, hawatakuambia, wataagiza kwa pakiti tu.

Odoo inahesabu kiasi cha chini kwa kipimo cha msingi cha bidhaa, kwa hiyo ukiweka kipimo cha msingi kuwa pakiti, ngazi ya katoni 50 inabidi uiandike 1200. ERPNext inakuruhusu kuandika kipimo kwenye `Item Price`, andika siku zote usiiache wazi. Kujua kama tayari unavuja, toa ripoti ya mistari yote iliyouzwa kwa pakiti kwa watu wa jumla, zidisha bei ya pakiti mara 24, kila inayotoka chini ya 33,000 na kiasi hakikufika katoni 10, hiyo ina tatizo.

Na 32,000 gawa kwa 24 ni 1,333 na vipande. Ukiuza 240 kwa 1,333 unapata 319,920, ugomvi wa shilingi 80 na mhasibu kila mwisho wa mwezi. Ni bora oda ya pakiti inayogawanyika sawasawa ibadilishwe kuwa mstari wa katoni palepale inapoingizwa.

Ndugu yake huyu ni mistari miwili. Keshia anaandika sabuni katoni 30, mteja anaongeza nyingine 30, keshia anafungua mstari mpya badala ya kurekebisha wa kwanza. Odoo na wenzake wengi wanaangalia ngazi kwa mstari mmoja mmoja, kwa hiyo wote wawili wanapata 32,000 wakati katoni 60 zilistahili 31,000. Huyu mteja atarudi na kelele, na ana haki.

Wakala ni yupi hasa

Kabla hujaweka daraja la wakala jiulize anafanya nini. Kama ananunua mzigo ukawa wake na anauza kwa bei yake Monduli huko, huyo ni mnunuzi, ana orodha ya bei. Kama anakuletea wateja na wewe ndo unawatumia mzigo na wao wanakulipa, huyo ni wa kamisheni, na kamisheni isiguse bei kabisa, invoisi itoke kwa bei ya daraja la anayelipa, na kamisheni iandikwe pembeni kama gharama. Ukichanganya unakuta mangi wa Usa River ananunua kwa bei ya wakala kwa sababu tu aliletwa na wakala, na bado wakala anadai chake.

Kwa hiyo bei ifuate akaunti inayotozwa, wala sio anayekuja kuchukua mzigo na wala sio unakopelekwa. Mtu akisema nimetumwa na wakala fulani, sawa, oda inafunguliwa kwa jina la wakala, na deni na risiti ya EFD vinaenda kwa wakala. Hapo wengi wanakumbuka kwamba kumbe ni wa kwao wenyewe.

VAT nayo usiiache ielee. Rejareja kwa kawaida inatajwa na VAT ndani, lakini kuna kampuni zinataka bei bila VAT. 33,000 bila VAT ni 38,940 ukiongeza asilimia 18, juu ya rejareja yetu. Kila orodha iwe imeandikwa wazi VAT imo au haimo, na onyo lolote la kulinganisha bei lifanyike baada ya kuzileta upande mmoja.

Ningechagua ipi

Duka la kaunta lenye rejareja na jumla bila ngazi za kiasi, kaa na safu, funga safu kwenye akaunti ya mteja, usiingie gharama nyingine. Ukiwa na ngazi za kiasi lakini wa pekee ni wachache na mhasibu yuko kwenye Tally, baki Tally. Ukiwa na wateja wa pekee wengi, mashule, maloji ya Karatu na njia ya Ngorongoro, mahoteli ya Moshi ya wapanda mlima, wenye bei ya pekee kwenye vitu vichache kila mmoja, nenda ERPNext. Odoo nzuri kama wateja wako wanagawanyika kwenye makundi machache yaliyotulia na wa pekee ni kidogo, na fundi wako anajua ile sheria ya mwisho.

Yoyote utakayochukua, usikubali maonyesho ya muuzaji kwa bidhaa zake. Mpe za kwako, alafu mwambie aingize mbele yako: loji katoni 60 za sabuni pamoja na mafuta na sukari, mangi pakiti 240, mangi pakiti 50, katoni 30 mara mbili kwenye oda moja, oda ya loji yenye tarehe 2 Januari, na bidhaa isiyo na bei kabisa. Majibu ya sabuni unayajua tayari: 31,500 au 31,000 kutegemea sheria uliyochagua, 32,000, 33,000, 31,000, hiyo ya Januari irudi kwenye ngazi ya jumla, na ya mwisho igome. Kisha muulize kwenye kila mstari nitaona wapi bei hii imetoka kwenye orodha gani. Kama hawezi kukuonyesha, siku mteja akibisha utabaki unakisia.

Kuna moja ya mwisho ambayo inategemea wewe zaidi ya programu. Oda imeingia Ijumaa, bei imepanda Jumatatu, gari linapakia Jumanne. Bei ipi? Mimi nashika ya siku ya oda kwa muda fulani uliotajwa kwenye karatasi ya oda, mfano siku 7, baada ya hapo inahesabiwa upya. Kwenye Odoo kuna kitufe cha `Update Prices` kinachohesabu mistari yote upya, na kinafuta hata bei aliyokubaliana bosi kwa simu, kwa hiyo amueni nani anaruhusiwa kukibonyeza. Na bei ya bosi ya simu iingizwe kama mstari wa mteja wenye tarehe ya mwisho kabla oda haijafunguliwa, hata kama ni ya siku moja.